Shawa ya maji kidogo, eireta na chupa ndani ya sistani: uzoefu wangu wa miezi miwili Tudor

Nimekuwa nikiulizwa sana na majirani kama hivi vitu vya kupunguza maji vinafanya kazi kweli ama ni pesa ya bure, so wacha niandike yote niliyoyaona, manake jibu langu ni ndio vinafanya kazi, lakini kwa nyumba yangu. Kwa jirani yangu wa juu, jengo lile lile, tangi lile lile, shawa ile ile, havikufanya. Na sababu yake ndo kitu ambacho sikuambiwa dukani.

Sisi tuko watano, mimi na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe, tunakaa nyumba ya chini kabisa kwenye ghorofa ya Tudor, na mwenye nyumba ameweka mita ndogo kwa kila mpangaji, anatutoza shilingi 150 kwa yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000. Maji ya Mombasa mnajua yanavyokuja, yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere, Tiwi, siku yakija yanajaza tangi la chini halafu pampu inapandisha juu ya paa, siku yasipokuja ni mitungi. Mwezi kabla sijabadilisha kitu mita yetu ilisoma yuniti 22. Hiyo ni zaidi ya lita 700 kwa siku na mimi nilikuwa naona ni sawa tu.

Kabla ya kununua nikapima. Hili fanyeni kabla ya jambo lolote, haligharimu kitu. Chukua ndoo ya lita 10, fungua shawa vile unavyooga siku zote, hesabu na saa ya simu. Yangu ilijaa kwa sekunde 50, yaani lita 12 kwa dakika. Bomba la sinki ya kunawia likatoa lita 8 kwa dakika. Nikaandika kwa karatasi nikabandika mlangoni mwa jikoni.

Halafu nikanunua kichwa cha shawa cha shilingi 1,400, cha nusu inchi, na eireta mbili za shilingi 250 kila moja. Eireta kwa wasioijua ni kile kichungi cha duara kinachofungwa mdomoni mwa bomba, kinachanganya maji na hewa, maji yanatoka meupe laini, unahisi ni mengi kumbe machache. Kufunga nilifunga mwenyewe, ile tepu nyeupe ya mafundi mizunguko mitano kwenye nyuzi za shawa, ile pete ya washa ndani, kaza kwa mkono, basi. Eireta hakikisheni kwanza mdomo wa bomba lenu una nyuzi, bomba nyingi za bei rahisi hazina, ziko laini kabisa na hapo hakuna pa kufunga. Mimi ya jikoni haikuwa na nyuzi, eireta moja ikabaki kwenye droo.

Sasa mambo ya presha. Boksi la shawa lilikuwa limeandikwa lita 9 kwa dakika, halafu chini kwa maandishi madogo, kwa presha ya baa 3. Mimi hayo maandishi madogo nilikuja kuyasoma baadaye. Maji yakishuka kutoka tangini yenyewe bila pampu, kila mita 10 za kwenda juu zinakupa kama baa 1. Kutoka tangi la paa mpaka shawa yangu ni kama mita 12, so napata baa 1 na kidogo, na nilipopima tena ndoo ile ile ikajaa kwa sekunde 100. Lita 6 kwa dakika, sio 9. Kwangu ni nzuri tu, matundu yake ni madogo so maji yanatoka na nguvu, unajisuuza sabuni bila shida. Ni nusu ya nilizokuwa natumia.

Jirani wa juu akaona akapenda, akanunua ile ile. Yeye tangi liko juu ya kichwa chake, kutoka kwenye maji mpaka shawa hata mita 2 hazifiki. Akanipigia usiku ule ule, "Dada, hii shawa yako inanilengalenga machozi tu, sabuni imenikaukia mwilini." Nikapanda asubuhi na ndoo yangu tukapima, ya kwake mpya ilitoa kama lita 2 kwa dakika, na tukirudisha ile ya zamani inatoa 5. Yaani yeye alikuwa tayari anaoga na maji kidogo kuliko mimi na shawa yangu mpya! Hakuwa na cha kuokoa pale. Tena akiongeza dakika za kuoga kwa sababu sabuni haitoki, anarudi pale pale. So kama mko nyumba ya juu na hamna pampu ya kusukuma maji, ndoo ya lita 10 ikichukua dakika mbili kujaa kwa shawa yenu ya sasa, pesa yenu wekeni tu. Na wenye ile shawa ya umeme inayochemsha papo hapo wasiguse kabisa, ile inataka maji yapite kwa kiasi chake, yakipungua inaweza kukataa kuwaka ama ikayatoa ya moto kupita kiasi.

Sistani sasa, lile tangi dogo la kuflashi choo. Yetu ni ya zamani, ya lita 9. Watu huambiwa weka tofali, tafadhali msiweke tofali, linamomonyoka ndani ya maji na vile vipande vinakwama kwenye mashine. Weka chupa ya plastiki iliyojaa maji, na kama inaelea tia mchanga kidogo, funga kifuniko vizuri, iweke kona ambayo haigusi boya wala ule mkono wake. Mimi nilitumia chupa ya juisi ya lita moja, ile fupi nene, manake ndefu ikichomoza juu ya maji ile sehemu iliyochomoza haikusaidii kitu.

Na nilitaka kujua kweli inaokoa ngapi. Nikafunga koki ya sistani, nikachora alama ya penseli pale maji yalipofika, nikaflashi, halafu nikajaza tena mwenyewe kwa jagi la kupimia mpaka kwenye alama. Bila chupa lita 9, na chupa lita 8.2. Nilijiuliza sana hiyo nyingine imeenda wapi kwa sababu chupa ni lita nzima, mpaka nilipochungulia baada ya kuflashi nikaona maji hayaishi yote, yanabaki kama vidole vitatu chini, na sehemu ya chupa iliyo ndani ya hayo maji yanayobaki haiokoi chochote, kwa sababu hayo maji hayakuwa yanatoka hata mwanzo.

Nikaongeza chupa ya pili, hapo nikakosea. Bakuli la choo la zamani limetengenezwa kwa lita 9, ukipunguza sana uchafu hauendi, siku mbili nikaona kila mtu anaflashi mara mbili, na mara mbili ni karibu lita 15 badala ya 9. Nikaitoa. Chupa moja, basi. Na kama sistani yenu ni ya kisasa yenye vitufe viwili, kidogo na kikubwa, hiyo msiweke kitu, ilishapunguzwa kiwandani.

Sasa hesabu. Kwenye karatasi yangu ilikuwa hivi: sisi wanne tunaoga kwa shawa, joto la hapa mnalijua, mara mbili kwa siku, dakika nne nne, hiyo ni dakika 32, na kila dakika naokoa lita 6, jumla 192. Sinki ya kunawia na eireta imeshuka kutoka 8 hadi 5, na hapo ndipo tunapochukulia udhu wote nyumbani, plus meno, kama dakika 12 za bomba kuwa wazi, lita 36. Choo mara 18, lita 14. Jumla 242 kwa siku, kwa mwezi ni zaidi ya yuniti 7. Nilifurahi sana.

Mita ya mwezi wa pili ikasoma 17. Yaani nimeokoa 5, sio 7. Nikakaa chini kutafuta hizo mbili zimepotelea wapi. Ya kwanza ni binti yangu, nimemhesabia kimya kimya, alikuwa anaoga dakika nne sasa anaoga sita kwa sababu ana nywele ndefu na povu linachelewa kutoka, hapo lita 24 kila siku zimerudi. Ya pili kubwa zaidi ni mgao, siku sita tangi la paa lilikuwa tupu na sote tulioga kwa mitungi, na siku hizo shawa haikuokoi kitu, sawa tu na siku za mgao za mwezi uliopita. Ukitoa hizo unapata lita 218 mara siku 24, hiyo ndo yuniti 5 na kidogo. Imenyooka.

Na mama mkwe kwenye hesabu hayumo kwa sababu yeye anaoga kwa ndoo na kata, lita 15 zinamtosha. Mimi na shawa yangu mpya ya kuokoa maji natumia 24. Nilimwambia akasema, "Mwanangu, sisi tulichota kisimani, utayamwaga vipi maji uliyoyavuta mwenyewe." Kwa hivyo nyumba ambayo wote wanaoga kwa ndoo, na vyombo vinaoshwa kwenye karai, shawa na eireta hazitapunguza hata yuniti. Hata ile eireta ingeingia jikoni isingenisaidia kujaza sufuria, sufuria ni ile ile, ingechelewa kujaa tu.

Kwa pesa, yuniti 5 ni shilingi 750 kwa mwezi. Nilitumia 1,900 ukihesabu na ile eireta ya droo, so ndani ya miezi mitatu imerudi.

Tatizo la mwisho ni uchafu. Maji yakirudi baada ya siku kadhaa yanakuja na mchanga na kutu, na mwenye nyumba wakati mwingine anachanganya ya kisima yenye chumvi. Wiki ya tano sinki ikaanza kutoa maji upande upande, na shawa matundu kadhaa yakarusha maji ukutani, hiyo ndo dalili. Nilifungua eireta nikakuta wavu umejaa mchanga mwekundu na ukoko mweupe pembeni. Nililoweka kwenye siki usiku mmoja, nikasugua na mswaki wa zamani, shawa nayo nikaifunga kwenye mfuko wa siki saa moja hivi. Nikapima tena na ndoo, sekunde 100 kama mwanzo. Sasa kila maji yakirudi kutoka kwa mgao nafungua eireta kwanza, naacha bomba litoke uchafu kwenye ndoo ya kudekia, halafu ndo nairudisha.