Saa janja ya kununua kwa jua la Dar na baridi ya Kibo

Wauzaji watakutajia kina cha maji, rangi za mkanda na idadi ya michezo. Kipimo cha joto hakuna anayekitaja, ingawa ndicho kinachoua betri. Na hata ukikisoma, kuna viwango vitatu tofauti: joto la kuvaa, la kuhifadhi na la kuchaji.

Naiweka Garmin Fenix 7 nambari moja, na sioni haya kuipendelea. Inavumilia kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 60 juu, ila kuchaji ni kati ya 0 na 45. Ya pili ni Apple Watch Ultra, inayofanya kazi kati ya 20 chini ya sifuri na 55 juu, lakini betri yake haikai siku nyingi. Apple Watch ya kawaida imeandikiwa 0 hadi 35 ikiwa mkononi. Kwa Dar ya Januari, hapo hujabakiwa na nafasi kubwa. Za bei ya chini kabisa mara nyingi hazina hata karatasi ya vipimo, basi tuziache.

Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 20 na zaidi juu ya joto la nje ndani ya saa moja, na dashibodi hupita hapo. Saa ikikaa humo, betri huchakaa na uwezo uliopotea haurudi. Ikizidi, betri huvimba na kukisukuma kioo. Angalia ukingo kwa taa ya pembeni: ukiona ufa mwembamba, usiichaji tena wala usiiogee, maana maji yatapita. Ikipata moto tu bila kuvimba, iache kivulini ipoe yenyewe. Usiitie kwenye friji, unyevu utageuka matone ya maji ndani.

Baridi ni jambo jingine, kwa kawaida ni la muda. Anayetoka Kibo Hut saa sita usiku kwenda Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, anaweza kuona saa yenye chaji ya asilimia 40 ikizimika ghafla. Betri haijaisha. Kimiminika chake kimekuwa kizito, umeme unapita kwa shida, na GPS ikivuta kwa nguvu volti zinashuka hadi saa inajizima. Iweke kwapani kama robo saa, kisha iwashe. Ni bora kuzuia: lala nayo ndani ya begi la kulalia, ivae chini ya mkono wa jaketi, zima kioo cha kuwaka muda wote. Usiichaji kwa pawabenki ikiwa imeganda, kwani kuchaji chini ya sifuri huiharibu betri moja kwa moja.

Halafu kuna maduka yanayopanga saa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua mchana kutwa, kisha yanakutoza bei ya saa mpya. Omba iliyo stoo, ndani ya boksi.