Koti la baridi la mtumba Dodoma: kondoo, swedi, manyoya bandia au ngozi ya kung'aa?

Juni ikiingia, upepo wa alfajiri hapa Dodoma unakata masikio, na wauza mitumba wa Sabasaba wanatundika makoti mazito mbele. Wengi wao huita kila koti lenye manyoya ndani "kondoo halisi". Huenda hata wao hawajui, kwani belo likifunguliwa lebo nyingi zimeshakatwa.

Nafasi ya kwanza naipa ngozi ya kondoo iliyoachwa na manyoya yake, hasa kwa anayepanda bodaboda saa kumi na moja alfajiri. Upepo haupenyi ngozi, na manyoya yanashika joto la mwili. Tatizo ni kulitambua. Koti hili huvaliwa manyoya yakiwa ndani, na upande wa nje wa ngozi husuguliwa mpaka ukawa na vinyweleo vifupi kama swedi. Kwa hiyo ukilitazama likiwa limening'inia, kondoo halisi, swedi yenye bitana ya manyoya, na kitambaa kilichogundishwa manyoya ya plastiki vyote vinafanana.

Mwaka jana niliokota koti la kahawia la namna hiyo. Muuzaji akasema 70,000, "kondoo mtupu huyo, dada yangu." Nje lilikuwa laini, ndani limejaa manyoya meupe. Nikaligeuza, nikayatenganisha manyoya kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta chawa. Kwenye kondoo ungeona ngozi, na kila unywele ukiota humo humo. Mimi niliona vitundu vidogo vimejipanga mistari, yaani kitambaa kilichofumwa. Nikaenda kwenye ukingo wa mfuko ulipokuwa umechanika kidogo. Kondoo ni tabaka moja tu, ngozi na manyoya yake, huwezi kuvitenganisha. Pale palikuwa na vitambaa viwili na gundi kavu katikati.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo ningeiona hata kwa mbali. Mgongo wote, bega mpaka chini ya makalio, ulikuwa kipande kimoja kisicho na mshono. Kondoo hana mgongo mpana hivyo. Koti refu la ngozi yake huwa limeungwaungwa vipande, na rangi ya kipande na kipande hupishana kidogo. Nilimwonyesha muuzaji vile vitundu, akacheka, tukamalizana kwa 20,000. Kama manyoya bandia lilikuwa bei nzuri.

Ukipata kondoo halisi, bado likunje mkononi. Likiwa limewahi kufuliwa kwa maji na sabuni, ngozi hukauka, hukakamaa na kulia kama karatasi. Hilo liache hata kama ni 10,000, litachanika begani.

Nafasi ya pili ni swedi. Hii ni ngozi ambayo upande uliokuwa umeshikana na nyama ndio umegeuzwa nje na kusuguliwa. Ukipitisha kidole inabaki alama nyeusi, ukirudisha inafutika. Usitegemee hilo peke yake, maana swedi ya kitambaa nayo hufanya vivyo hivyo. Funua bitana, au tafuta ukingo ambao haujakunjwa: ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo, kitambaa kina mfumo unaorudiarudia. Adui mkubwa wa swedi ni maji, yanayoiachia madoa. Ndiyo maana naiweka juu hivi kwa Dodoma, kwani Juni na Julai hapa mvua hakuna. Vumbi lipo tele, ila brashi kavu inalitoa.

Manyoya bandia ni ya tatu. Ni mepesi, ya bei ndogo, na mengi yanafulika kwa maji baridi. Yasipokuwa na kitambaa kizito nje, upepo unapita kwenye matundu ya mfumo wake, na pale mkono unaposugua ubavu yanajiviringa madonge. Muuzaji akikuruhusu, chomoa unyoya mmoja tu, usogee mbali na nguo, uuchome. Wa kondoo hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu unayoyasaga kwa vidole. Wa plastiki huyeyuka ukaacha kidonge kigumu.

Ngozi ya kung'aa kama kioo naiweka mwisho, kwa koti tu. Ni ngozi iliyopakwa utando wa plastiki, haipumui, na jua la saa tano linakukuta umelowa jasho. Utando hupasuka kwenye viwiko, na ukilihifadhi limekunjwa kwenye joto, pande zinazogusana hugandana. Ya bandia utaijua kwa nyuma, ambako ni kitambaa kitupu. Kwa viatu vya ofisini mambo hugeuka: vumbi la Dodoma unalifuta kwa kitambaa chenye unyevu, ukaingia kazini. Na viatu vilivyouzwa Ulaya mara nyingi vina alama ndogo ndani au kwenye soli: umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi, umbo hilo likiwa na kialmasi ndani yake ni ngozi yenye utando, na almasi peke yake ni kitu kingine, kwa kawaida plastiki.