Uchambuzi wa DeepFaceLab: Hereni na Kivuli cha Taya

Karibuni tena. Leo naichambua DeepFaceLab, programu ya kubadilisha uso wa mtu kwenye video, kwa jambo moja tu, ukingo wa uso uliobadilishwa, pale taya linapokutana na sikio.

Kipande nilichokifanyia kazi ni cha mwigizaji na mbadala wake wa matukio ya hatari, uso wa mwigizaji ukiwekwa juu ya wa mbadala, na wote wawili wameridhia. Mbadala amevaa hereni ndefu, taa iko upande mmoja, na anageuza kichwa. Tazameni hapa. Macho na mdomo havina kasoro. Lakini hereni inapopita mbele ya taya, nusu yake inamezwa na shavu.

Sababu ni hii: hata ukichagua `whole_face`, yaani eneo la uso mzima kuanzia paji hadi kidevu, sikio halibadilishwi, linabaki la mbadala, na hereni yake pia. Kwa hiyo tunailinda hereni kwa `XSeg`, zana ya kuchora barakoa, yaani eneo ambalo uso mpya utawekwa. Unachora mpaka wa uso, kisha unaizungushia hereni mstari wa kuitoa nje ya barakoa. Msichague fremu tulivu peke yake. Chukueni ile ambayo hereni imefika mbele kabisa, ile iliyorudi nyuma, na zile ambazo imekuwa ukungu kwa mwendo. Hizo za ukungu mimi niliziruka mara ya kwanza, na hereni ikawa inapepesa kila kichwa kilipogeuka.

Sasa kivuli, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Hereni inaangusha kivuli chembamba kwenye taya. Uso mpya haukijui. Matokeo yake, kivuli kinashuka shingoni vizuri, lakini juu, kwenye mpaka wa barakoa, kinakatika ghafla. Nilijaribu ulinganishaji wa rangi wa `rct`. Haikusaidia, kwa sababu inalinganisha rangi za uso mzima kwa jumla, haijui taa imetokea wapi.

Kilichofaa ni `Erode mask`, kipimo cha kupunguza barakoa kutoka ukingoni. Niliipandisha kidogo kidogo mpaka barakoa ikarudi ndani ya mstari wa taya, kivuli cha asili kikaonekana tena. Baada ya hapo ndipo nikaongeza `Blur mask` ili kulainisha ukingo. Mkianza na kulainisha, mnapata taya lenye mistari miwili, moja ya kila mtu. Na msipandishe `Erode mask` sana, maana uso mpya utabaki kama kibandiko katikati ya mashavu.

Kivuli kikipanda hadi shavuni, barakoa haitoshi. Hapo nakipaka upya kwenye programu ya kuhariri, kwa safu ya `Multiply`, rangi nikiichota kwenye kivuli kile kile cha shingoni, si nyeusi tupu.

Kwa hereni, zana hii naikubali kabisa. Kwa kivuli, inakufikisha nusu ya safari. Mkimaliza, rudieni kipande mara kadhaa mkiziba macho ya mwigizaji kwa kidole, mtazame taya pekee.