Kitelezi cha Field of View kwenye Apex Legends: nimekiacha kwenye 90

Nimekipima kitelezi hiki cha upana wa kuona, kilichomo kwenye mipangilio ya mchezo wa kufyatuliana risasi wa Apex Legends, kwenye laptopu ya okazioni, ya aina inayouzwa sana hapa Lubumbashi: skrini ya 1366×768, kadi ya grafiki GTX 1050, na prosesa ya i5 ya miaka ile ile. Kitelezi kinaanzia 70 na kuishia 110. Wengi hukisukuma hadi 110 siku ya kwanza ili waone zaidi pembeni. Mimi naona kwa mashini kama hizi hilo ni kosa, na kosa lenyewe haliko hasa kwenye fremu, yaani picha ngapi mchezo unachora kwa sekunde.

Tuanze na fremu hata hivyo. Ukipanua upana wa kuona, idadi ya pikseli haiongezeki. Skrini ni ile ile. Kinachoongezeka ni vitu vinavyoingia kwenye picha: nyumba, miti, adui, vivuli vyao. Mchezo huacha kuchora kilicho nje ya picha, kwa hiyo picha pana huiongezea prosesa kazi ya kuandaa vitu, na kadi ya grafiki hupokea maumbo mengi zaidi. Nilisimama sehemu moja ndani ya Firing Range, uwanja wa mazoezi wa mchezo huu, nikitazama eneo lililo wazi: kwenye 70 nilipata fremu 72, kwenye 90 nikapata 68, kwenye 110 nikapata 63. Nilipogeuka na kuutazama ukuta kwa karibu, tofauti ilipotea kabisa. Ndiyo maana anayepima akiwa ndani ya chumba husema kitelezi hakina athari yoyote.

Vipo vitu vinavyodanganya kipimo. Cha kwanza ni Adaptive Resolution FPS Target. Ikiwa na namba yoyote juu ya 0, mchezo hulinda fremu kwa kupunguza ubora wa picha, nawe utaona 60 ile ile huku picha ikififia. Iweke 0, zima V-Sync, inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini, halafu pima. Cha pili ni joto. Laptopu ikipata moto hujipunguzia kasi, na Oktoba hapa kwetu hilo huja haraka, kwa hiyo iache icheze dakika kumi kwanza. Pima 70, kisha 110, kisha rudi 70. Namba ya mwisho ikiwa chini ya ile ya kwanza, ulichopima ni joto. Umeme ukikatika katikati, futa yote uanze upya, maana kwenye betri kadi ya grafiki haifanyi kazi kwa nguvu zake zote.

Kama fremu zako ni chache na hujui kama kitelezi kitakusaidia, shusha rezolusheni hatua moja. Fremu zikipanda sana, mzigo uko kwenye pikseli, na kupunguza upana kutakupa kidogo tu. Zisipopanda, prosesa ndiyo imechoka, na hapo kitelezi kitasaidia.

Sasa kuona, ambako ndiko gharama kubwa iliko. Namba ya kitelezi hiki inahesabiwa kwa skrini ya 4:3. Kwenye skrini pana ya 16:9, 70 ni kama nyuzi 86 halisi, 90 ni 106, na 110 ni karibu 125. Ukubwa wa kitu katikati ya skrini hufuata kanuni hii, ambapo ukubwa wa zamani ni ule wa kwenye 70 na FOV ni namba ya kitelezi:

```
ukubwa mpya = ukubwa wa zamani × tan(35°) / tan(FOV/2)
```

Chukua adui wa mbali mwenye urefu wa pikseli 20 kwenye 70. Kwenye 90 anabaki na 14, na kwenye 110 anabaki na 10 tu. Amepungua upana pia, kwa hiyo eneo lake ni robo ya lile la mwanzo. Mwenye skrini ya 1920×1080 ana pikseli 14 mahali ambapo sisi tuna 10, naye anaweza kuvumilia 110. Sisi tunabaki kulenga nukta.

Na nyuzi zile ulizopata pembeni si safi. Picha hutandazwa kadiri inavyokaribia ukingo: kwenye 70 kitu cha ukingoni kimevutwa karibu mara 1.9 kuliko cha katikati, kwenye 110 ni mara 4.6. Utaona kuna kitu kimepita, lakini ili kukitambua lazima ugeuke. Kwa mapigano ya karibu ndani ya majengo hilo latosha, na hapo nakubali 110 ina faida. Kwenye uwanja mpana, 90 hukupa nyuzi 20 zaidi na kukuachia adui unayeweza kumlenga.

Baada ya kubadilisha, kipanya kitaonekana kizito kwenye 110 na chepesi kwenye 70. Kasi ya kugeuka haijabadilika: mzunguko mzima bado unachukua sentimita zile zile mezani. Kilichobadilika ni pikseli ngapi picha inasogea katikati kwa kila nyuzi. Usiguse sensitivity, yaani kasi ya kipanya, siku hiyo. Cheza siku mbili tatu kwanza, la sivyo hutajua ni badiliko lipi limekuharibia shabaha.