Foku ngumu na foku laini: nilivyoziona nikiwa na Bitkoini Agosti 2017

Mwezi ule Bitkoini ilipitia foku mbili, yaani mabadiliko ya sheria za mtandao wake, moja ngumu na moja laini. Sisi wenye sarafu tulihangaishwa na moja tu.

Ya kwanza, tarehe 1 Agosti, ndiyo ngumu. Baada ya bloku namba 478,558, yaani fungu la miamala lenye namba hiyo kwenye mnyororo, kundi lililotaka bloku za hadi MB 8 badala ya MB 1 lilijitenga na kuanzisha Bitcoin Cash, yaani BCH. Ni kama askari wa mizani: ukiongeza uzito unaoruhusiwa bila kumwambia, atayazuia malori mapya, ukiupunguza, yote yanayokuja atayapitisha tu. Foku ngumu hulegeza sheria, programu za zamani zikakataa bloku mpya, na mnyororo ukapasuka.

Kwa kuwa historia hadi bloku ile ni moja, funguo zangu za BTC, yaani Bitkoini yenyewe, zilifungua pia BCH kwa idadi ileile. Wengine waliita pesa ya bure, lakini bei yake sokoni ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya BTC. Tena pochi yangu ya zamani haikuionyesha kabisa. Nilianza kwa kuhamisha BTC zote kwenda pochi mpya yenye maneno mapya ya siri, nikasubiri muamala uthibitishwe, ndipo nikaingiza maneno ya zamani kwenye Electron Cash, programu ya pochi ya BCH. Mpangilio huo ni muhimu: hata programu ikiwa ya kitapeli, itakuta maneno ambayo hayalindi tena BTC yoyote.

BCH ilikuwa na alama yake kwenye saini za miamala, kwa hiyo muamala wa upande mmoja haukuweza kurudiwa upande wa pili. Ethereum ilipogawanyika Julai 2016 kinga hiyo haikuwepo, na wapo waliotuma ETH wakajikuta na ETC zao, sarafu ya upande wa pili, zimeondoka pia.

Kilichoniudhi ni soko la mtandaoni la kununua na kuuza sarafu, nililokuwa nimeacha BTC zangu nyingine. Walisimamisha utoaji, kisha wakatangaza kwamba BCH hawatampa mteja. Funguo walikuwa nazo wao, sikuwa na la kufanya. Na hata BCH niliyoipata kwenye pochi ilisafiri kwa kusuasua, maana wachimbaji walikuwa wachache. Bloku ya kwanza ilichukua karibu saa 5, wakati kawaida ni kama dakika 10.

Foku laini ilikuja tarehe 24 Agosti: SegWit, badiliko la namna saini zinavyohifadhiwa kwenye miamala, lililoanza bloku 481,824. Hii ilikaza sheria, hivyo programu za zamani ziliendelea kukubali bloku mpya na hakuna sarafu ya pili iliyozaliwa. Salio langu halikubadilika, na anwani inayoanza na 1 iliendelea kupokea pesa. Faida niliipata baadaye, nilipohamia anwani ya SegWit inayoanza na 3: kila nilipotuma kutoka huko, ada ilikuwa nafuu kuliko kutoka kwenye ile ya zamani. Aliyebaki na anwani ya 1 hakupoteza kitu, ila aliendelea kulipa zaidi.