Vibandiko au faharasa kwa mtihani wa kufungua vitabu?

Wanafunzi wa sheria hapa Arusha hawaishi kubishana: ubandike karatasi za rangi kwenye kurasa, au uandike faharasa yako mwenyewe?

Kwa kasi, vibandiko vinashinda, ila vikiwa vichache. Chukua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Rangi moja kwa uwezo wa kuingia mkataba (kifungu cha 11), nyingine kwa fidia (cha 73), unafungua mara moja. Vikifika arobaini, kitabu kinaota manyoya na unaanza kusoma kimoja kimoja. Vya bei rahisi navyo hung'oka ndani ya begi.

Faharasa haigharimu ila karatasi moja na jioni nzima. Nguvu yake iko kwenye maneno unayoyaandika. Swali halisemi "uwezo". Linasema kijana wa miaka 16 amenunua pikipiki kwa mkopo. Basi andika "mtoto kasaini: kif. 11, daftari uk. 23", na tena chini ya "umri". Ukichomeka karatasi mpya, iite 23A, usibadili namba zote. Jipime: rafiki ataje tukio, wewe utafute. Ukipita sekunde kumi, neno hilo halimo au limeandikwa kwa lugha ya kitabu, si yako.

Kitabu kimoja unachokijua? Vibandiko vinatosha. Madaftari matatu na sheria mbili? Faharasa. Kitabu cha maktaba usikibandike kitu. Na uliza kwanza msimamizi anaruhusu nini. Kuna mitihani inayokataa kibandiko chenye maandishi.