Kibodi ya kishikwambi: ipi inapiga picha ya skrini kwa kitufe kimoja?

Anayenunua kibodi ya kishikwambi Mwanza mara nyingi huangalia mambo mawili: bei, na kama itaingia kwenye mkoba. Kama kazi yako inakudai picha za skrini kila siku, ongeza la tatu, nalo ndilo lenye uzito: je, ina kitufe cha PrtSc, na kishikwambi chako kinakielewa? Kibodi haipigi picha. Inatuma namba ya kitufe tu, halafu mfumo wa kishikwambi ndio unaamua namba hiyo ina maana gani. Ndiyo maana kibodi ileile inaweza kupiga picha kwenye kifaa kimoja na kukaa kimya kwenye kingine. Kwa hiyo anza na kishikwambi ulichonacho, kibodi ifuate.

Mpangilio huu ni wa Android, kwa kuwa ndivyo vishikwambi vilivyojaa mikononi mwa watu. iPad ina hesabu yake, iko chini.

Ya kwanza: kibodi ya waya ya kompyuta, pamoja na adapta ya OTG

Haipendezi kwa macho, lakini ndiyo tunayoiweka juu. Kibodi kubwa ya USB ina PrtSc inayojitegemea, upande wa kulia wa F12. Ukiibonyeza peke yake, Android hupiga picha ya skrini nzima na kuihifadhi kwenye folda ya Screenshots. Huhitaji kuunganisha Bluetooth wala kuchaji kibodi.

Adapta ya OTG ndiyo inayokiwezesha kishikwambi kutumia vifaa vya USB, na lazima ifanane na tundu lake: ama Type-C au micro USB. Kabla ya kulipia, chomeka kipanya au flashi dukani. Mshale usipotokea na flashi isiposomeka, huenda tundu hilo haliungi mkono OTG, na hakuna kibodi ya waya itakayofanya kazi hapo. Epuka zenye mataa ya rangi, maana umeme wote zinaunyonya kwenye betri ya kishikwambi. Kasoro nyingine ni kwamba adapta ya kawaida inashika tundu la chaji, hivyo huwezi kuandika huku unachaji mpaka upate adapta yenye tundu la pili la kuingizia umeme.

Ya pili: isiyo na waya, yenye kipokezi cha USB

Kwa kishikwambi, hii ni sawa na ya waya, kwa sababu kipokezi chake kinajitambulisha kama kibodi ya USB. Bado unahitaji OTG. Angalia jambo moja: kwenye nyingi zilizofupishwa, PrtSc inagawana kitufe na Insert au Delete, nawe unapaswa kushika Fn kwanza. Maandishi ya rangi tofauti pembeni mwa kitufe ndiyo yanayokuambia hivyo.

Ya tatu: kava lenye kibodi, la mtengenezaji wa kishikwambi chako

Linashika vizuri, na njia zake za mkato zimepangwa kwa kifaa hicho. Tatizo ni bei, tena halihamishiki: ukibadilisha kishikwambi, umebadilisha na kibodi. Nunua kwa namba kamili ya modeli iliyoandikwa kwenye About tablet. Ukubwa wa inchi peke yake hautoshi.

Ya nne: kibodi ndogo ya Bluetooth ya mifumo mitatu

Ndizo zilizojaa madukani, na ndizo zenye malalamiko mengi. Nyingi hazina PrtSc kabisa. Zenye alama ya kamera au mkasi nazo si za kuaminiwa moja kwa moja, kwa kuwa kitufe hicho hutuma kitu tofauti kulingana na mfumo uliochaguliwa. Ikiwa katika hali ya iOS, kinaweza kutuma mchanganyiko wa iPad ambao Android haina habari nao. Hali hubadilishwa aghalabu kwa Fn pamoja na Q, W au E. Soma maandishi madogo kwenye vitufe hivyo, kisha chagua Android.

Kama umeshainunua na haina PrtSc, jaribu kushika Win, Ctrl na S kwa pamoja. Matoleo ya karibuni ya Android yanaitambua, ingawa watengenezaji wengine hubadilisha. Njia ya kujua bila kubahatisha ni kubonyeza Win na alama ya /. Orodha ya njia za mkato za kifaa chako itafunguka, nawe utasoma ipi inayokubalika.

Jaribio la dukani

Fungua programu yoyote ya maandishi. Andika maneno mawili kuthibitisha kwamba kibodi imeshika, bonyeza PrtSc, kisha Fn na PrtSc. Picha ikipigwa, kijipicha kitatokea pembeni mwa skrini. Kukiwa kimya, omba kibodi ichomekwe kwenye kompyuta yenye Windows 11. Pale PrtSc kwa kawaida hufungua chombo cha kukata picha. Kompyuta ikiitika na kishikwambi kisiitike, kibodi ni nzima, kasoro iko kwenye kishikwambi. Fundi mwenye kompyuta na USB debugging iliyowashwa anaweza kumaliza ubishi kwa kutuma namba ya PrtSc bila kibodi:

```
adb shell input keyevent 120
```

Picha ikitokea, mfumo unaielewa PrtSc. Isipotokea, kubadilisha kibodi ni kutupa hela.

Chukua karani wa mzigo wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anayemtumia mnunuzi jedwali la magunia kwa WhatsApp. Kwanza aende kwenye mipangilio ya Physical keyboard azime kibodi ya kwenye kioo, la sivyo itafunika nusu ya jedwali na kuingia kwenye picha. Kisha apunguze ukubwa wa jedwali hadi mistari yote ionekane, kwa sababu PrtSc inachukua kilichoko mbele ya macho tu. Abonyeze PrtSc, aguse kijipicha, akate pembeni palipo na majina ya wateja wengine, ahifadhi. Alt na Tab inampeleka WhatsApp. Kwa kazi hii kibodi ya nafasi ya kwanza inatosha kabisa, maana mezani pake hakuna haja ya kubebeka.

Ukiwa na iPad, mpangilio unageuka

iPad haitegemei PrtSc. Cmd, Shift na 3 hupiga picha. Cmd, Shift na 4 hupiga na kufungua papo hapo uwanja wa kukata na kuchora. Kwa hiyo hata ile ndogo ya Bluetooth tuliyoiweka mkiani inatosha, ukiiweka kwenye hali ya iOS. Kwenye kibodi ya Windows, Win ndiyo inayosimama badala ya Cmd. Ukibonyeza ukaona alama ngeni inaandikwa badala ya picha, basi umeshika Alt. Unaweza kuzibadilishana kwenye Settings, General, Keyboard, Hardware Keyboard, Modifier Keys.

Kishikwambi cha Windows nacho ni rahisi: Win na PrtSc huhifadhi skrini nzima, Win, Shift na S hukata kipande. Kibodi ya Surface isiyo na PrtSc hutumia Fn, Win na kitufe cha nafasi.

Usirudishe kibodi dukani kwa sababu programu ya benki imekataa. Programu za aina hiyo huzuia picha zenyewe kwa usalama, na hata vitufe vya pembeni vya kishikwambi, cha kuwasha na cha kupunguza sauti, vitagonga ukuta uleule. Jaribu kwanza kwenye skrini ya mwanzo.